Video ya mlipuko imekuja WhatsApp: unaweza kuthibitisha nini, na inaishia wapi

*Shikamoo mwalimu. Mi naandaa taarifa za habari kwenye kituo kidogo, hatuna watu wa uhakiki. Kukitokea tukio kubwa video zinamiminika WhatsApp. Huwa nachukua picha moja kutoka kwenye video naitafuta Google, isipoleta kitu cha zamani nahesabu ni mpya na ni ya kweli, tunaitoa na maelezo yaliyokuja nayo. Hiyo inatosha? Na video ikishakuwa ya kweli, si habari nayo inakuwa ya kweli?*

Marahaba. Hapana kwa la kwanza, na hapana kwa la pili, ila hapana ya pili ndo nzito na ndo ntakaa nayo zaidi. Ntatumia tukio moja tu mpaka mwisho, mlipuko wa bandari ya Beirut, Lebanon, wa tarehe 4 Agosti 2020, kwa sababu ni moja ya matukio ya ghafla yaliyorekodiwa na raia wengi mno kutoka engo nyingi mno, na bado hizo video zote zikikusanywa kuna maswali makubwa haziwezi kuyajibu hata kidogo. Ukilielewa vizuri tukio hilo utajua cha kufanya siku yako ikifika.

Tuanze na hiyo njia yako ya Google. Kutafuta kwa picha kunaweza kukupa jibu moja tu la uhakika, kwamba hii video ni ya zamani. Ikileta video ileile iliyopostiwa miaka mitatu iliyopita, kesi imeisha. Lakini isipoleta kitu, maana yake ni kwamba mashine haijakuta kitu, basi. Inawezekana video ni ya zamani ila haijawahi kuingia kwenye orodha yake, au imegeuzwa kushoto kulia kama kwenye kioo, au imekatwa pembeni kuondoa nembo ya chaneli, au fremu uliyochagua ina moshi mtupu na moshi wa duniani kote unafanana. Video za mlipuko wa Tianjin, China, wa Agosti 2015 zimerudishwa mara kibao zikidaiwa ni tukio la leo la nchi nyingine, na kuna waliodanganyika japo ule mlipuko ulitokea usiku.

Kwa hiyo usichukue fremu moja. Zitoe nyingi, alafu chagua zile zenye jengo, kibao cha barabarani, nguzo, mlima, kitu chochote ambacho hakiwezi kuwa kila mahali. Kwenye kompyuta yenye programu ya ffmpeg, amri hii inakupa fremu mbili kwa kila sekunde:

```
ffmpeg -i klipu.mp4 -vf fps=2 fremu_%03d.png
```

Hizo fremu zipitishe Google Lens, alafu Yandex, alafu TinEye, maana kila moja ina vitu ambavyo mwenzake hana, na zijaribu pia zikiwa zimegeuzwa. Hapo utakuwa umefanya sehemu ya kwanza tu ya kazi. Bado hujajua video ni ya wapi na ya saa ngapi.

Sasa mahali. Beirut ilikuwa na zawadi moja kubwa kwa wahakiki, zile silo za nafaka za bandarini, ukuta mrefu mweupe wa mapipa ya zege unaokwenda juu karibu mita 48, huwezi kuufananisha na kitu kingine pale mjini. Ghala namba 12, ambalo ndo lililipuka, lilikuwa upande wa mashariki wa silo. Sasa angalia hiyo inakupa nini. Mtu aliyerekodi akiwa magharibi ya bandari, silo zinakuwa mbele na moshi unapanda kwa nyuma yake. Aliyerekodi akiwa mashariki, moshi uko mbele na silo ziko nyuma. Bahari iko kaskazini. Kwa hiyo mtu akikuambia kaipiga kutoka kwenye nyumba ya upande wa mashariki wakati kwenye video silo ziko mbele ya moto, ama hajui alichokutumia ama sio yeye aliyepiga, hapo kabla hata hujafungua programu yoyote umeshapata cha kumuuliza.

Kupata sehemu hasa aliposimama, tafuta vitu viwili ambavyo kwenye video vimepangana, kimoja nyuma ya kingine, mfano kona ya jengo na mwisho wa silo. Fungua picha ya setilaiti kwenye Google Earth, chora mstari kupitia vitu hivyo viwili, mpigaji yuko mahali fulani kwenye mstari huo. Tafuta jozi nyingine, chora mstari wa pili. Mistari inapokatana ndipo kamera ilipokuwa, na ukipata jozi ya tatu ikapita hapohapo unaweza kulala usingizi. Inachukua muda mara ya kwanza, ukizoea kwenye mji wenye alama nyingi inaweza kuwa kazi ya nusu saa. Kinachoharibu mara nyingi ni picha ya setilaiti kuwa ya zamani, jengo kwenye video halipo kwenye ramani au kinyume chake, kwa hiyo angalia tarehe ya picha kabla hujasema haviendani.

Ukishajua mahali, ndo muda unakuwa rahisi, sio kabla. Mlipuko mkubwa wa Beirut ulitokea saa 12 na dakika 8 jioni kwa saa za pale, yaani 18:08. Mahesabu ya jua kwa siku hiyo na mahali hapo, unaweza kuyafanya mwenyewe kwenye tovuti ya SunCalc, yanaonyesha jua lilikuwa magharibi kama digrii 17 tu juu ya upeo wa macho. Jua likiwa chini hivyo kivuli cha kitu kinakuwa zaidi ya mara tatu ya urefu wake na kinalala kuelekea mashariki. Mchana wa siku hiyohiyo jua lilifika zaidi ya digrii 70, kivuli kingekuwa kifupi sana, chini ya theluthi ya urefu wa kitu. Kwa hiyo video inayodaiwa ni ya mlipuko ule lakini watu wana vivuli vifupi vilivyojikunja miguuni, hiyo itupe. Kivuli hakikupi dakika, na usimruhusu mtu akwambie kinakupa dakika. Kinakupa sehemu ya siku, na kinakataa uongo mkubwa. Pia kinahitaji ujue kaskazini iko wapi kwenye video, ndo maana nimesema mahali kwanza.

Muda wa ndani ya faili ni habari nyingine. Faili halisi kutoka kwenye simu huwa limeandikwa tarehe na saa ndani yake, unaisoma kwa programu ya exiftool hivi:

```
exiftool -s -time:all klipu.mp4
```

Hapa watu wanateleza sehemu tatu. Video iliyopita WhatsApp kama video ya kawaida inabanwa upya na taarifa za simu iliyorekodi zinapotea, unachokiona kinakuwa kitupu au ni muda ambao faili lilibanwa. Pili, mstari ulioandikwa `FileModifyDate` unatoka kwenye kompyuta yako wewe, hauhusiani na mpigaji, nimeona watu wakiutangaza kama ushahidi. Tatu, `CreateDate` kwenye faili la mp4 kwa kawaida inatakiwa iwe UTC, yaani saa ya kimataifa, na Beirut mwezi wa 8 iko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo video halisi ya mlipuko ule ingeonyesha 15:08 au karibu na hapo, na mtu asiyejua hilo ataikataa video ya kweli akisema imepigwa mapema saa tatu nzima. Kuna vifaa vinaandika saa za pale mtu alipo badala ya UTC, kwa hiyo ukiona tofauti ni masaa kamili yanayolingana na ukanda wa saa wa mahali, usikimbilie kusema uongo.

Dawa ni kumuomba aliyekutumia alitume tena kama dokumenti, sio kama video, hapo faili linakuja kama lilivyo. Na hata hivyo tarehe za ndani zinaweza kubadilishwa na mtu yeyote mwenye programu ileile uliyosomea, kwa hiyo zitumie kuunga mkono tu, zisibebe uamuzi peke yake.

Kitu ambacho mi nakipenda kuliko vyote, na wengi hawakitumii, ni sauti. Mwanga unafika kwenye kamera papo hapo, sauti inakuja nyuma kwa kasi ya karibu mita 350 kwa sekunde siku ya joto. Tuseme kwenye klipu yako mwali unaonekana sekunde ya 12 na kishindo kinasikika sekunde ya 16. Hizo ni sekunde 4, zidisha kwa 350, unapata kama kilomita 1.4. Chora duara la kilomita 1.4 kutoka ghala namba 12. Kama sehemu uliyoipata kwa ile mistari ya ramani iko karibu na duara hilo, sasa una vitu viwili ambavyo havijuani na vinasema jambo moja, na hiyo ndo nguvu yenyewe ya uhakiki. Ila chukua kama makadirio, mlipuko mkubwa kiasi kile unasukuma wimbi linalokimbia kuliko sauti ya kawaida pale karibu, kwa hiyo kwa aliyekuwa jirani hesabu hii itakupa umbali mdogo kuliko ulivyokuwa. Kwa aliyekuwa kilomita mbili au tatu kosa linapungua.

Na sauti hiyohiyo inaumbua waliochezea video. Kama mpigaji yuko kilomita 2, kishindo kinatakiwa kichelewe karibu sekunde 6. Ukikuta mwali na kishindo vinagongana pamoja, kuna mtu amesogeza sauti ili video inoge, au kaweka sauti ya mlipuko mwingine kabisa. Picha inaweza kuwa ya kweli bado, lakini faili hilo limeshaguswa, halifai kutoka na sauti hiyo na inabidi utafute la asili.

Hapo ndo tunafika kwenye video ya kombora. Baada ya mlipuko ilianza kuzunguka video yenye rangi zilizogeuzwa, nyeupe imekuwa nyeusi, watu wakaambiwa ni kamera ya joto, na kitu kama kombora kinashuka kuelekea bandarini kabla tu ya mlipuko. Ilienea vibaya sana. Wahakiki walichofanya hakikuwa cha ajabu, walitafuta video ya asili yenye engo ileile, wakaikuta imeshapostiwa mapema, rangi za kawaida, mlipuko uleule, kombora hakuna. Jifunze mambo mawili hapo. Rangi zikigeuzwa bila sababu, jiulize zinaficha nini, kwa sababu kitu kilichobandikwa juu ya video kwa rangi za kawaida kingeonekana kingo zake na mwanga wake haungeendana na mwanga wa mahali, ukigeuza rangi hayo yote yanazama. Na jambo la pili, tukio lililorekodiwa kutoka engo nyingi linajilinda lenyewe: kombora linalopita angani juu ya mji lisingeonekana kwenye kamera moja tu. Kwa hiyo kabla hujaanza kuchambua pikseli, tafuta engo nyingine ya sekunde ileile na uone kama kile kitu kipo.

Ila hesabu engo, usihesabu faili. Ukipokea video ishirini kutoka kwenye magrupu ishirini, mara nyingi ni klipu nne zimekatwa na kubandikwa maandishi tofauti. Zipange kwa mahali kamera ilipokuwa, zinazoangukia sehemu moja zenye mtikisiko uleule wa mkono ni klipu moja, hata kama watumaji ni mia.

Basi tuseme umefanya yote hayo. Mahali pamepatikana, muda unakubali, sauti inakubali, engo tatu zinakubaliana. Video ni ya kweli kabisa. Sasa una haki ya kusema nini?

Jioni ile ya Beirut video za kweli nazo zilibeba maelezo ya uongo, sio zile za kuediti peke yake. Lile wingu jeupe la duara lililovimba juu ya bandari liliwafanya watu waseme ni bomu la nyuklia. Wingu lilikuwa la kweli, kila mtu aliliona. Lakini lilikuwa unyevu wa hewa ya baharini, nyuma ya wimbi la mlipuko mgandamizo wa hewa unashuka ghafla, hewa inapoa, unyevu unakuwa matone kwa muda mfupi sana alafu unapotea. Linaweza kutokea kwenye mlipuko wowote mkubwa penye unyevu. Rangi ile ya kahawia inayoelekea nyekundu kwenye moshi uliobaki ndo ilikuwa na cha kusema zaidi kwa wanaojua, ni ya gesi ya naitrojeni dioksaidi, inaendana na nitrati ya amonia kulipuka. Lakini angalia, hata hapo video inakuambia aina ya kitu kilicholipuka, kwa kukisia, na inahitaji mtu wa kemia kuisoma. Haikwambii nani alikiweka. Na Rais wa Marekani wa wakati huo, Donald Trump, siku ileile alisema majenerali wake wanadhani lilikuwa shambulio, bomu la aina fulani. Kwa hiyo sio wa mitandaoni peke yao walioangalia picha za kweli wakaona sababu ambayo haimo ndani ya picha.

Kinachofanya hivi ni kitu kimoja ambacho ningependa ukiandike sehemu utakayokuwa unakiona: watu hutoa simu kurekodi baada ya kitu kuwa kimeshaanza. Pale Beirut moto ulianza kwanza, moshi ukapanda, watu wakatoka barandani na kwenye madirisha wakaanza kurekodi moshi. Ukatokea mlipuko mdogo, na vimulimuli kama vya fataki vikaonekana ndani ya moshi, na kama nusu dakika baadaye ndo ule mkubwa. Kwa sababu simu zilikuwa zimeshanyanyuliwa, mlipuko mkubwa umerekodiwa toka kila upande, kiasi kwamba wahandisi wa Chuo Kikuu cha Sheffield walitumia hizo video, kwa kuangalia wimbi lilifika wapi na baada ya muda gani, wakakadiria nguvu yake kuwa sawa na tani 500 hivi za TNT, na kwa juu kabisa tani elfu moja na mia na kitu. Hiyo ni kazi kubwa na imetoka kwenye simu za watu wa kawaida. Lakini cheche ya kwanza ya moto haimo kwenye video hizo, maana hakuna anayesimama kurekodi ghala lililofungwa ambalo halijaanza kuwaka. Kwa hiyo una ushahidi mwingi kupita kiasi wa kitu kilivyotokea na karibu sifuri wa kwanini kilianza, na kwenye chumba cha habari ule wingi wa upande wa kwanza unawalevya watu wanaona wana majibu ya upande wa pili.

Habari yenyewe, ile ambayo iliwafanya watu wa Lebanon waingie mtaani kwa hasira, ilitoka kwenye makaratasi. Tani 2,750 za nitrati ya amonia zilizoletwa na meli ya Rhosus mwaka 2013, zikashushwa na kuwekwa kwenye ghala lile mwaka 2014, zikakaa miaka huku barua zikienda na kurudi kati ya maafisa kuhusu hatari yake. Hakuna simu ya raia iliyorekodi hayo, yalipatikana kwa waandishi kuomba nyaraka, kuwapigia watu, kusoma kumbukumbu za bandari na za mahakama. Hata hizo tani zenyewe baadaye zikaleta swali jipya, uchunguzi wa FBI wa Marekani ulikadiria zilizolipuka siku ile ni kama tani 552 tu, kwa hiyo nyingine zilikwenda wapi? Upige video za mlipuko hata elfu, swali hilo haliguswi.

Raia mwenye simu anakupa alichokiona kuanzia alipobonyeza kitufe mpaka alipoachia, kutoka aliposimama yeye. Sehemu ambazo hazikuwa na watu, au watu hawakuwa na chaji, au mtandao ulikata, au waliokuwepo walikufa, hazipo kwenye grupu lako. Zaidi ya watu 200 walikufa Beirut, na waliokuwa karibu kabisa na ghala, wale wazima moto walioitwa kuuzima ule moto wa kwanza, wao ndo walikuwa wanaona vitu ambavyo video za barandani hazikuona. Kwa hiyo ukisema "video zinaonyesha", jiulize pia zimetoka upande gani wa mji na upande gani haujaleta kitu.

Kwenye kuandika sasa, tenganisha sentensi. Moja ya ulichothibitisha wewe, nyingine ya anachodai mtu na jina la anayedai, nyingine ya kisichojulikana bado. Mfano kwa jioni ile ungeweza kusoma hivi: "Video tuliyoihakiki imepigwa kutoka magharibi ya bandari na inaonyesha moto karibu na silo za nafaka, kisha mlipuko mkubwa baada ya saa 12 jioni. Maafisa wanasema palikuwa na kemikali ghalani. Kilichoanzisha moto hakijathibitishwa." Inaonekana kavu, lakini ukiisoma miaka kadhaa baadaye hakuna neno la kurudisha. Linganisha na ile uliyosema mnatoa "na maelezo yaliyokuja nayo". Maelezo hayo mara nyingi hayajaandikwa na aliyerekodi, yameandikwa na mtu wa nne au wa tano kwenye mnyororo wa kushea, yeye mwenyewe hakuwepo. Yafute kabisa kabla hujaanza kazi, anza na faili tupu, alafu jenga maelezo yako.

Na umtafute aliyerekodi. Muulize aliyekutumia ameipata kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka ufike. Ukimpata usimuulize kama video ni yake, kila mtu atasema ndio. Muulize alikuwa anafanya nini kabla hajaanza kurekodi, ulikuwa upande gani wa jengo, nini kilikuwa kushoto kwako ambacho hakionekani, una picha nyingine za dakika zilezile. Mwenye video halisi karibu kila mara ana nyingine mbili tatu, za kabla na baada, ambazo hajazituma kwa sababu hazivutii, na hizo zisizovutia ndo zitakuambia kama kweli alikuwepo. Alafu muombe ruhusa mbili tofauti, ya kutumia video na ya kutaja jina. Asipotaka jina, angalia na video yenyewe, maana sauti yake ipo, dirisha lake lipo, na kama wewe umeweza kupata alipokaa kwa mistari miwili ya ramani, na mwingine anaweza. Kama tukio linahusu watu wenye silaha, kata sehemu inayoonyesha chumba chake au usiitoe video hiyo, toa maelezo.

Kitu kingine, usimwambie mtu aliye eneo la tukio akuongezee video. Watu wengi walioumia Beirut waliumizwa na vioo, na kuna waliokuwa wamesimama madirishani wanaangalia na kurekodi ule moto wa kwanza. Ukimpigia mtu wa namna hiyo maneno ya kwanza yawe atoke dirishani, video mtaongea baadaye. Ukiwa tayari una klipu moja uliyoihakiki vizuri, huna habari mpya utakayoipata kwa yeye kusogea mita hamsini karibu zaidi.

Mwisho upande wa kutunza. Faili la asili lisiguswe, fanya kazi kwenye nakala. Siku hiyohiyo andika pembeni limetoka kwa nani, saa ngapi, linki ya posti kama ipo na skrinishoti yake, kwa sababu posti zinafutwa ndani ya masaa, na chukua alama ya faili, kwenye Linux ni hivi:

```
sha256sum klipu.mp4
```

Ule mstari mrefu wa herufi na namba unaotoka utunze kwenye maandishi yako. Miezi sita mbele mtu akileta video na kusema ndo ileile mliyoitoa, ukipitisha amri hiyo kwenye faili lake na mstari ukawa tofauti, hilo sio faili lako. Inaweza kuwa imebanwa tu na WhatsApp au inaweza kuwa imekatwa, hiyo amri haitenganishi, kwa hiyo hapo unafungua zote mbili pembeni kwa pembeni unaangalia fremu kwa fremu wapi zinaachana.